Mrejesho: Mama wa ufunguo anayechelewa kikao

Niliuliza hivi: "Kikoba chetu hapa Kibirizi, Kigoma, tunakutana Jumatano saa 10 jioni. Mama mmoja mshika ufunguo huchelewa kila wiki, na sanduku lina kufuli tatu, halifunguki bila yeye. Nimwambieje asijione anashutumiwa?"

Jamani, ahsanteni. Nilimfuata Jumatatu, peke yetu, si siku ya kikao akiwa anahema mlangoni. Neno "unachelewa" sikulitaja kabisa. Nilisema: "Shikamoo mama. Jumatano tulifungua sanduku saa 11 kasoro, wawili wakaondoka bila kuweka hisa. Ningependa tuanze saa 10 kamili. Kwako saa hiyo ikoje?" Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana ulimi uliniwasha niongeze kuhusu faini.

Kumbe saa 10 ndiyo anaanua dagaa. Akiwaacha kichanjani wakaloweshwa na mvua, hasara ni yake. Faini amekuwa akilipa kimyakimya. Kwake ilikuwa nafuu kuliko dagaa kuoza.

Nikamuuliza yeye anaonaje. Akapendekeza saa 11, au ufunguo ashike mwingine. Tulipeleka yote kikaoni kama hoja ya ratiba, jina lake halikutajwa. Wengi wakachagua saa 11.

Jumatano tatu zimepita. Mbili alifika kabla yangu. Ya tatu mvua ilinyesha, akampigia katibu mapema, tukasubiri dakika kumi. Mwenyekiti bado ananuna, anataka saa 10 yake.