Fundi wangu amekatwa na msumeno: bima ya karakana inamhusu?

Seremala wa Langoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina karakana ndogo ya useremala hapa Lamu, twatengeneza milango na vitanda. Nina mafundi watatu, pamoja na kijana mmoja anayejifunza kazi.

Juzi Jumanne fundi wangu mkubwa alikuwa akipasua ubao wa mbambakofi kwenye msumeno wa meza. Ubao ukabana kwenye meno, ukarudi nyuma kwa nguvu na mkono ukaenda nao. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekatika kwenye kifundo cha kati. Ameshonwa, daktari amempa wiki sita za mapumziko na kisha atampima tena. Ana mke na watoto, nami humlipa 24,000 kwa mwezi.

Karakana ina bima. Niliichukua pamoja na mkopo wa mashine na kila mwaka nalipa. Nilipompigia wakala aliniambia fundi hamo. Nimetoa hati nikaisoma yote: jengo, mashine, mbao, samani zilizokwisha tengenezwa, moto, wizi, mafuriko. Jina la mtu hakuna. Je, ni kweli hamo, au wananizungusha? Na sasa nifanye nini?

Bi Mwana wa Mkomani

Pole sana kaka, na umfikishie pole fundi. Mimi naona usihangaike. Kama anachangia SHA atatibiwa, mambo yaishe. Bima nyingine ni kutafuta kula fedha zako tu.

Nahodha Shela

Mimi pia nina shida na bima. Nina boti ya kubeba wageni na kampuni imekataa kulipa mizigo ya abiria iliyoingia maji. Wanasema bima yangu ni ya chombo. Basi ndugu, wewe nawe usitarajie kitu, hawa hawalipi.

Mshauri wa Bima, Malindi

Seremala, pole. Nimefanya kazi hii ya bima hapa Pwani miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Hawakuzungushi, wakala amesema kweli. Bima uliyo nayo inalinda mali yako. Hupimwa kwa thamani ya vitu: msumeno una thamani gani, mbao za ghala zina thamani gani, na vikiungua unalipwa wewe mwenyewe. Kidole cha fundi wako si mali yako, wala hakina bei ya sokoni. Kinachokukabili hapa ni deni: sheria inasema mtu akiumia kazini kwako, wewe mwajiri ndiye unayedaiwa kumlipa. Deni hilo hupimwa kwa mshahara wake na kwa ukubwa wa ulemavu. Vipimo viwili, watu wawili wanaolipwa, hati mbili. Hebu fikiria karakana ingeshika moto na fundi akaungua ndani. Hati yako ingelipa mashine na mbao, na isingetoa hata shilingi moja kwa ajili ya majeraha yake.

Bima ya deni hilo ndiyo tunayoiita WIBA, kwa jina la sheria ya mwaka 2007 ya fidia za kuumia kazini. Kila mwajiri anatakiwa awe nayo, awe na wafanyakazi mia au mmoja.

Bi Mwana, kuhusu SHA nakubali nusu. Matibabu yanaweza kupitia huko. Lakini SHA haimlipi mshahara wake akiwa nyumbani wiki sita, wala haimlipi kidole ambacho hakirudi. Na Nahodha, kesi yako ni nyingine kabisa. Mizigo ya abiria ina bima yake, tafadhali anzisha uzi wako nikusaidie huko.

Baba Salim

Sheikh, mimi nilivyosikia ni kwamba unaweza kwenda sasa hivi ukachukua hiyo WIBA, ukaandikisha tarehe ya mwanzo wa mwezi. Kwa wakala mwenye utu inawezekana. Na tena kuna ile bima ya watu wa nje, wateja wanaoumia dukani kwako. Hiyo ingemhusu fundi, kwani naye ni mtu, si mali.

Mshauri wa Bima, Malindi

Baba Salim, la kwanza usimfundishe mtu. Kuandikisha tarehe ya nyuma kwa ajali iliyokwisha tokea ni udanganyifu, na kampuni huuliza tarehe ya ajali, cheti cha hospitali na siku malipo yalipoingia. Itagunduliwa, kisha Seremala atakuwa na kesi badala ya deni.

La pili una nusu ya haki. Bima ya watu wa nje ipo kweli, lakini kwa kawaida hati zake huwatoa wafanyakazi waziwazi, kwa sababu wao wana bima yao. Mteja akijikwaa kwenye mbao zako, ni hiyo. Fundi akikatwa, ni WIBA.

Sasa Seremala, ajali hii utaibeba wewe mwenyewe, tusifichane. Hatua ya kwanza ina muda: mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini, DOSH, ndani ya siku 7 tangu apate habari. Kuna fomu yake, sehemu moja unajaza wewe na nyingine daktari. Usingoje wiki sita ziishe. Weka pia kila risiti, hata nauli za kumpeleka hospitali, kwa sababu gharama halali za matibabu na usafiri ni zako.

Mshahara wa wakati yuko nyumbani: mtu akishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi, anastahili kulipwa sawa na kipato chake. Kwa hiyo wiki hizo sita mlipe kama kawaida.

Kidole chenyewe kitahesabiwa baada ya kupona. Daktari ataandika asilimia ya ulemavu akifuata jedwali lililo kwenye sheria. Hesabu huanzia mishahara ya miezi 96. Kwako ni 24,000 mara 96, yaani 2,304,000. Tuseme, kwa mfano tu, daktari ameandika asilimia 10: fidia ni 230,400. Asilimia halisi siwezi kukutajia kutoka hapa, ni ya daktari.

Seremala wa Langoni

Nimekuelewa na ahsante. Leo nimeanza kupanga makaratasi. Mshahara nitamlipa, hilo halina mjadala, ni mtu tuliyeanza naye kazi.

Ila jirani yangu ananiambia nisilipe kidole, kwa kuwa fundi mwenyewe ndiye aliyeondoa kile kikinga cha juu ya msumeno ili ubao mnene upite. Ni kweli alikiondoa. Hilo linanitoa kwenye deni?

Fundi Randa wa Matondoni

Naomba nijibu mimi niliyekaa upande wa pili wa msumeno. Kikinga huondolewa karakana zote kwa sababu ubao wa mlango haupiti, na mwenye karakana anaona na ananyamaza kwa kuwa kazi inaenda. Akiumia mtu ndipo kikinga kinakumbukwa. Kama ulikuwa ukipita pale na hukusema neno, usimtwike yeye peke yake.

Mshauri wa Bima, Malindi

Fundi Randa umesema. Kisheria, fidia hii haiulizi kosa ni la nani. Uzembe wa kawaida haumnyimi mtu haki yake. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumnyimi kama ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Sasa kuondoa kikinga kwa ajili ya kazi ya mwajiri, mwajiri akiona, sioni kama ni utovu wa nidhamu wa makusudi. Lakini nimeona watu wakibishana juu ya jambo kama hili, na kila kesi ina maelezo yake. Ushauri wangu ni ulipe, na ule ubao mnene utafutiwe njia nyingine ya kupasuliwa.

Seremala wa Langoni

Sawa. Nalipa. Sasa nimeomba bei ya WIBA kwa ajili ya mbele. Wakala mmoja amenitumia karatasi: wafanyakazi watatu, kila mmoja 15,000 kwa mwezi. Nilipomuuliza mbona si mishahara yao, akasema ni kunipunguzia malipo. Kijana anayejifunza hakumwandika kabisa, eti hana mshahara, nampa posho tu. Nikubali?

Mshauri wa Bima, Malindi

Usitie sahihi. Malipo ya WIBA hutokana na jumla ya mishahara ya mwaka mara kiwango cha hatari ya kazi, kwa hiyo mshahara ukipungua kwenye karatasi malipo yanapungua. Ila fidia nayo inapungua upande wa kampuni, wakati deni lako kwa fundi halipungui hata kidogo. Chukua mfano ule ule. Kwa 15,000, miezi 96 ni 1,440,000, na asilimia 10 ni 144,000. Fundi anastahili 230,400. Hizo 86,400 zinazobaki zitatoka mfukoni mwako, nawe unadhani una bima.

Sijui mafundi wako wengine wanalipwa vipi, lakini tuseme wawili ni 18,000 kila mmoja na kijana posho yake 6,000. Pamoja na fundi mkubwa ni 66,000 kwa mwezi, 792,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba ya kumpa wakala. Kiwango kikiwa asilimia 2, ambacho nimekitoa kwa mfano tu, ni 15,840. Linganisha na 86,400.

Kijana mwandike. Sheria inamhesabu mwanafunzi wa kazi kuwa mfanyakazi, na aliye mgeni kwenye mashine ndiye aliye karibu zaidi na ajali.

Mama Aisha, Malindi

Nauliza nami hapo hapo. Nina cherehani sita na washonaji wangu nawalipa kwa nguo, si kwa mwezi. Akija mmoja leo na mwengine kesho, nitaandika nini?

Mshauri wa Bima, Malindi

Mama Aisha, hapo si pepesi. Kama wanakuja kwako, wanatumia cherehani zako na wewe ndiye unayewapangia kazi, mimi ningewahesabu kuwa wafanyakazi na ningechukua wastani wa wanachopata kwa mwezi. Kama mtu anachukua vitambaa akashonea kwake kwa cherehani yake, wakili anaweza kusema ni mtu anayejitegemea. Katikati ya hao wawili kuna wengi. Muulize mwenye kampuni kwa maandishi kabla hujalipa, na uweke daftari la malipo, maana ukifika wakati wa madai kitu cha kwanza watakachokitaka ni hilo daftari.

Seremala wa Langoni

Mimi nina daftari, alhamdulillahi, ila la kijana sikuwahi kuliandika. Nitaanza nalo leo. Fomu nimeijaza upande wangu, kesho nampelekea daktari ajaze wake. Wakala nimemwambia anitengenezee upya kwa majina manne.