Aliyenakili bahasha ya dawa ya mama "akanyoosha" maandishi. Nina hasira!

Wakuu, naandika nikiwa nimetoka wodini kwa mama.

Mama ana ugonjwa wa moyo. Mwezi huu alipewa dawa mjini, akarudi kijijini kwa dada. Bahasha ya dawa ililowa mvua njiani, vidonge vikahamishiwa kwenye kopo. Ikabaki picha ambayo binamu alipiga pale dirisha la dawa. Dada ana kitochi, picha haipokei, kwa hiyo binamu akamwandikia meseji:

"Digoxin 0.25mg, kidonge 1-2, mara 1 kwa siku."

Dada alipoona miguu ya mama imevimba, akachagua viwili. Nani angemlaumu? Meseji imempa ruhusa. Siku ya nane ananipigia simu, kimebaki kimoja, na mama hali chakula, anatapika, anasema taa ina duara la manjano. Zahanati walihesabu mapigo 44 kwa dakika, wakatuandikia rufaa papo hapo.

Nikaomba picha. Nikaikuza. Imeandikwa kwa kalamu 1, halafu mkunjo wa bahasha na mng'ao wa flashi, halafu 2, halafu x 1. Ni NUSU, wakuu. Nusu kidonge! Mstari mshazari wa katikati umemezwa na mkunjo, binamu akaweka kistari chake. Namuuliza, ananijibu, "Nilinyoosha ili dada aelewe." Nani alikutuma unyooshe?

Na chini kabisa kwenye kona kuna namba 15. Hiyo hakuiandika, eti haihusu kumeza.

Mzee wa Kona: Pole mkuu. Hawa madaktari na miandiko yao! Wangechapa kwa kompyuta yote haya yasingetokea.

Mwanzisha uzi: Mzee wangu, mwandiko ulikuwa safi. Aliyeandika hana kosa. Soma tena.

Dirisha la Dawa: Nimetoa dawa miaka mingi. Hiyo 15 ni idadi ya vidonge. Nusu kwa siku 30 ni vidonge 15. Kwa viwili kwa siku, vinaisha siku ya nane, kama mlivyoona. Angeinakili, dada au mhudumu yeyote angeweza kushtuka mapema. Ndiyo maana unanakili kila kilichopo, hata usichojua kazi yake. Na digoksini haina mchezo: kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka hutoka mwilini polepole, ya leo inapanda juu ya ya jana. Kichefuchefu na kuona manjano ndiyo dalili zake.

Kibuyu_Asali: Si angetafuta tu mtandaoni? Ukiandika jina la dawa dozi inakuja.

Dirisha la Dawa: Inakuja dozi ya kawaida, siyo ya mama yake. Kuna mtu anapewa nusu, kuna anayepewa kimoja, kwa hesabu ya figo na umri wake. Ukijaza pengo kwa ya mtandaoni umeandika dawa ya mtu mwingine.

Mama Wawili: Mimi ilikuwa dawa ya maji ya mtoto, 2.5 ml. Nukta ilikuwa imekaa juu ya mstari wa karatasi, shangazi akasoma 25. Bahati kijiko kilichokuja na chupa ni cha 5, akaona ajabu kumpa mtoto vijiko vitano akanipigia.

Mwanzisha uzi: Sasa angeandikaje? Maana binamu ananiambia, "Ulitaka niache wazi?"

Dirisha la Dawa: Hivi:

"Digoxin 0.25mg   1[?]2 x 1   15
Kati ya 1 na 2 kuna alama, mkunjo umepita juu yake, haisomeki. Msimpe kabla hatujapiga simu alikopewa."

Asibadili 0.25mg kuwa kitu kingine, wala x 1 kuwa maneno yake. Maelezo yakae mstari wa pili, yasichanganyike na kilichoandikwa.

Kibuyu_Asali: Bora aongeze "huenda ni nusu". Dada angepata mwanga.

Dirisha la Dawa: Hapo sikubali. Ukiandika "huenda", mgonjwa akizidiwa usiku hiyo huenda inakuwa dozi. Siku hiyo ingekuwa sahihi, siku nyingine ingekuwa 1-2 kweli.

Mama Wawili: Na kama duka limefungwa? Mama alale bila dawa ya moyo?

Dirisha la Dawa: Zahanati ina mtu wa zamu, apelekwe na kopo. Najua kijijini ni mbali, hilo sina jibu jepesi.

Mwanzisha uzi: Kwetu ni kilomita 11 na bodaboda usiku hazikubali. Mapigo yamefika 58 jioni hii. Binamu bado anadai alisaidia. Picha nimeiweka kwenye kundi la familia, ikiwa imekuzwa, bila neno.