Waliojibu dodoso ni waliotaka kujibu, halafu tunaambiwa hayo ndiyo maoni ya wafanyakazi wote

Kalamu Nzito (mleta mada)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Shirika ninalofanyia kazi lilituma dodoso kwa wafanyakazi wote likiuliza kama mfumo wa sasa wa zamu uendelee au ubadilishwe. Aliyetaka alijibu, asiyetaka aliacha. Baadaye uongozi ulitangaza kwamba wafanyakazi walio wengi wanataka mabadiliko, ukaambatanisha na kiwango cha makosa cha asilimia 3, utadhani watu hao walichaguliwa kwa bahati nasibu, na utekelezaji ukaanza. Nilipouliza ni wangapi walitumiwa dodoso na ni wangapi walilirudisha, nilijibiwa kwamba kila mtu alipewa nafasi sawa ya kushiriki.

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Mtu anayekerwa na zamu zake hujaza dodoso siku hiyohiyo, ilhali aliyeridhika huliona, hulipita na kuendelea na shughuli zake. Sababu inayomfanya mtu ajibu ndiyo hiyo hiyo inayoamua atajibu nini, na kwa hiyo hesabu imekwisha kuharibika kabla hata ya jibu la kwanza kusomwa.

Tuchukue tarakimu za mfano. Wafanyakazi ni 10,000, na kwa kweli wanaotaka mabadiliko ni asilimia 30, yaani 3,000. Kati ya hao mmoja katika kila watano anajibu, kwa hiyo tunapata majibu 600. Kati ya 7,000 walioridhika anajibu mmoja tu katika kila ishirini, nao ni 350. Majibu yote ni 950, na 600 kati yake yanataka mabadiliko, ambayo ni asilimia 63. Wachache wamegeuka kuwa wengi bila mtu yeyote kudanganya na bila swali lolote kuwa baya. Tena ukiingiza hayo majibu 950 katika kanuni ya kawaida, utapata kiwango cha makosa cha takriban asilimia 3, wakati kosa halisi ni asilimia 33. Kanuni ile inapima bahati ya kuchota watu kwa nasibu, na hapa hakuna aliyechotwa.

Mto Mkavu

Mleta mada una hoja, ila naona tatizo ni uchache wa majibu. Wangerefusha muda wakapata majibu elfu kadhaa, picha ingejirekebisha yenyewe.

Kalamu Nzito

Ndugu, hapana. Fanya wafanyakazi wawe 100,000 na uache tabia ya kujibu ileile: majibu yatakuwa 9,500, asilimia itabaki 63 ileile, na kiwango cha makosa kitashuka hadi asilimia 1. Umepata uhakika mkubwa zaidi juu ya jambo lisilo kweli. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2. Lilitabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa asilimia 57 hivi. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura.

Mizani

Nimefanya kazi ya tafiti za maoni kwa muda mrefu, naomba niongeze hapo. Watu wengi husimulia kisa cha 1936 kana kwamba kosa lilikuwa orodha tu, kwa kuwa majina yalitoka kwenye vitabu vya simu na daftari za wenye magari. Hilo lilichangia. Lakini mwaka 1988 mtafiti Peverill Squire aliyachambua upya maoni yaliyokusanywa mwaka 1937 kwa watu walioulizwa kama walipokea karatasi ya jarida hilo na kama waliirudisha, akaonyesha kwamba lau wote waliopokea wangerudisha, jarida lingemtaja mshindi sahihi. Wafuasi wa Landon waliopokea karatasi walikuwa wepesi zaidi kuirudisha. Ndicho anachokilalamikia mleta mada, na ndicho ambacho orodha nzuri pekee isingekiponya.

Dada wa Zamu ya Pili

Yametukuta na sisi. Dodoso letu lilidai namba ya mfanyakazi, tukaogopa, tukaandika kwamba kila kitu ni kizuri. Watu hawasemi ukweli kwenye madodoso, ndiyo shida yenyewe.

Kalamu Nzito

Pole sana, dada. Lakini hilo lako ni la majibu yasiyo ya kweli. Mimi nalalamikia majibu ya kweli kabisa yaliyotoka kwa watu wasiofanana na wale walionyamaza. Ila naona mahali yanapokutana: mwoga zaidi kati yenu huenda hakulijaza kabisa.

Mto Mkavu

Basi wapewe uzito. Kama vijana wamejibu kwa wingi kupita kiasi, jibu la kila kijana lipunguzwe uzito na la mzee liongezwe, hadi sampuli ifanane na shirika lote.

Mizani

Uko sahihi nusu, ndugu. Uzito husaidia iwapo, ndani ya kundi moja la umri, anayejibu na asiyejibu wana maoni yanayofanana. Katika mfano wa mleta mada wanatofautiana ndani ya kila umri, kwa sababu kinachowatenganisha ni kero yenyewe, na kero haimo kwenye daftari la utumishi.

Dawa iliyo imara zaidi ilielezwa na wanatakwimu Hansen na Hurwitz mwaka 1946. Unawaacha waliojibu jinsi walivyo, kisha unachota kwa nasibu sehemu ndogo ya walionyamaza na kuwafuata mmoja mmoja, kwa simu au ana kwa ana, hadi wajibu. Katika mfano wetu walionyamaza ni 9,050. Chota 200 kati yao, na takriban 53 watasema wanataka mabadiliko, yaani asilimia 26.5. Ukiwawakilisha 9,050 kwa asilimia hiyo na waliojibu 950 kwa asilimia 63 yao, unarudi kwenye asilimia 30. Watu 200 waliofuatwa kwa bidii wamerekebisha kile ambacho maelfu ya waliojitokeza wenyewe wasingeweza kukirekebisha.

Kabla ya gharama hiyo, omba tarehe za majibu. Ikiwa waliojibu siku za mwanzo wanataka mabadiliko kwa wingi, na waliojibu baada ya kukumbushwa wanayataka kwa uchache zaidi, mteremko huo ni dalili mbaya. Ukikosa mteremko, usishangilie, maana wasiojibu kabisa wanaweza kuwa watu wa aina nyingine.

Swali Gumu

Na hao 200 wakikataa? Mtu ana haki ya kutokujibu. Huwezi kumsumbua hadi akubali.

Mizani

Haki hiyo naiheshimu, na hapo sina jibu kamili. Wakikubali nusu tu, umehamishia tatizo lilelile kwenye kundi dogo. Kilichobaki kuwa cha kweli bila kukisia ni mipaka: kama walionyamaza wote hawataki mabadiliko, wanaoyataka ni asilimia 6, kama wote wanayataka, ni asilimia 96.5. Wengine katika fani hii wanaona mipaka mipana hivyo haimsaidii mfanya uamuzi na ni heri kukisia kwa uangalifu. Mimi naona ni heri mipaka hiyo iandikwe.

Kalamu Nzito

Hata mimi ningependa iandikwe, kuliko ile asilimia 3 waliyotubandikia. Naandika barua ya kuomba idadi ya waliotumiwa dodoso, idadi ya waliojibu kwa kila idara na kila zamu, na tarehe za majibu bila majina ya watu. Nikinyimwa tena nitaomba kwa maandishi sababu ya kunyimwa, na nitaiweka kwenye uzi huu pamoja na tangazo lao la awali.