Ukhalifa ulipofutwa Ankara: Bunge lilikuwa na haki hiyo?

Mwanaharusi wa Lamu

Assalaam alaykum. Tarehe 3 Machi 1924 Bunge la Uturuki lilimvua Abdulmajid ukhalifa na kukifuta cheo chenyewe. Je, bunge la nchi moja lilikuwa na haki ya kufuta jambo la Waislamu wa dunia nzima? Na kama halikuwa nayo, mbona hakuna aliyeweza kuurudisha?

Mpenda Haki

Wa alaykum salaam dada. Jibu liko wazi, tusizunguke. Mwingereza ndiye aliyeufuta ukhalifa. Kwenye mkataba wa Lozani wa 1923 aliweka sharti la siri, nchi mtaipata lakini khalifa aondoke. Mustafa Kemal akatekeleza kwa usiku mmoja. Bunge lilikuwa muhuri tu.

Mwalimu Bakari

Ndugu Mpenda Haki, kuhusu nguvu ya Mustafa Kemal bungeni nakuunga mkono, kwani jambo lile lisingepita bila yeye kulitaka. Lakini hilo la Lozani halisimami. Mkataba upo na unasomeka. Kifungu cha 27 kinaizuia serikali ya Uturuki kuwa na mamlaka ya kisiasa, ya kutunga sheria au ya kiutawala juu ya watu walio chini ya dola nyingine. Papo hapo kinaongeza kwamba madaraka ya kiroho ya viongozi wa dini ya Kiislamu hayaguswi. Yaani karatasi yenyewe iliacha nafasi ya khalifa kubaki. Sharti la siri husemwa sana, ila sijaona mtu akionyesha maandishi yake.

Pia haikuwa usiku mmoja. Mwenye kutaka kuelewa Machi 1924 aanzie tarehe 1 Novemba 1922, siku Bunge lilipoutenganisha usultani na ukhalifa, likaufuta usultani. Sultani Vahideddin akaondoka Istambul siku chache baadaye akiwa ndani ya manowari ya Kiingereza, na Bunge likamchagua binamu yake, Abdulmajid, awe khalifa. Khalifa pekee. Hakuwa na jeshi wala mawaziri, na fedha za matumizi yake zilipangwa na Ankara. Alikuwa mtu wa heshima zake na mchoraji hodari, lakini kwa mujibu wa vitabu vya fikihi, khalifa ni yule anayelinda mipaka, anayetekeleza hukumu na anayeteua makadhi. Yeye hakuweza hata moja katika hayo.

Kwa hiyo dada Mwanaharusi, mimi naona ukhalifa ulivunjwa mara mbili. Mara ya kwanza ni 1922, ulipovuliwa mamlaka, na walionung'unika hawakuwa wengi. Kilichofutwa 1924 kilikuwa cheo kilichokwisha kubaki kitupu.

Umm Salma

Mimi nakereka tunapozungumza ya Istambul na yetu hapa hatuyawezi. Mwaka juzi nyumbani kwangu mume wangu alisali Idd, mimi na mama mkwe tumefunga. Watoto wakatuuliza nani yuko sawa, nikakosa la kusema. Kama khalifa angekuwepo, haya ya mwezi yangekuwepo? Mimi nasema yasingekuwepo.

Mwalimu Bakari

Pole sana dada yangu, hilo linaumiza na nyumba nyingi zinalijua. Lakini hata khalifa alipokuwepo hakuwa akitangaza mwezi wa watu wa pwani. Kadhi wa mahali alipokea ushahidi wa walioona, na wanazuoni wetu wa Kishafii wakishika kauli kwamba kila upande na mwandamo wake. Abdulhamid akiwa kwenye kiti Istambul, mwezi wa Unguja ulikuwa ukitangazwa Unguja.

Sheikh Yunus, Mombasa

Mwalimu, umeeleza vizuri lakini umeukwepa mzizi wa swali. Kumweka kiongozi mkuu ni wajibu kwa umma, na hayo ni maneno ya wanazuoni wa Ahlu Sunna kizazi baada ya kizazi. Cheo kikiwa kitupu, kinajazwa, hakifutwi. Msikiti ukivunjika paa hatuuzi kiwanja. Hao wabunge walitoa hoja gani ya kisheria, au walipiga kura tu?

Mwalimu Bakari

Walitoa, Sheikh, na aliyeitoa hakuwa mtu wa kubahatisha. Ni Seyyid Bey, Waziri wa Sheria, aliyekuwa mwalimu wa usuli fikihi kabla ya siasa. Siku ile alizungumza bungeni kwa muda mrefu kuliko wote. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba ukhalifa ni mkataba wa uwakala. Umma ndio wenye mali, khalifa ni wakili wao. Mwenye mali akiamua kuisimamia mwenyewe, wakili hana cha kudai. Akaikumbusha hadithi isemayo kwamba ukhalifa baada ya Mtume (S.A.W.) ni miaka thelathini, kisha unafuata ufalme. Waliokuja baada ya hiyo thelathini, kwake yeye, walikuwa wafalme waliobeba jina. Ndiyo maana sheria namba 431 ilivyoandikwa haikusema ukhalifa ni batili. Ilisema maana yake imo tayari ndani ya serikali na jamhuri, kwa hiyo cheo chake kinafutwa.

Mimi nauona udhaifu wake mahali pamoja, na ni pale pale dada Mwanaharusi alipogusa. Kama umma ndio wenye mali, Waturuki walikuwa sehemu tu ya umma. Waislamu wa India walikuwa wengi kuliko wao, na tangu 1919 akina Muhammad Ali na Shaukat Ali walikuwa wakiendesha harakati kubwa ya kuutetea ukhalifa. Hao hawakuulizwa. Wakili mmoja, wenye mali wengi, aliyemfukuza ni mmoja.

Mwanaharusi wa Lamu

Hapo ndipo penyewe. Na hao wa nje walipojaribu kusema?

Mwalimu Bakari

Walisema, na kusema kwao kukaharakisha mambo. Mwishoni mwa 1923 Aga Khan, huyo imamu wa Waismaili ambaye jamaa zake tunaishi nao hapa Afrika Mashariki, pamoja na jaji Amir Ali wa India, walimwandikia waziri mkuu Ismet Pasha kutoka London. Waliomba khalifa awekwe kwenye heshima ambayo mataifa ya Kiislamu yatakuwa na imani nayo. Barua ikatoka kwenye magazeti ya Istambul kabla Ismet hajaipata. Ankara ikaja juu. Wahariri wakapelekwa mbele ya mahakama maalumu, na bungeni ikasemwa kwamba hawa wawili ni Mashia wanaoishi chini ya Mwingereza, ukhalifa wa Masuni unawahusu nini? Waliotaka kumsaidia khalifa wakawa wamewapa maadui zake ushahidi kwamba ni mlango wa watu wa nje. Miezi mitatu baadaye hakuwepo.

Sheikh Yunus, Mombasa

Haya, nimekubali kwamba hoja ilikuwepo. Lakini Azhari waliikataa.

Mwalimu Bakari

Sheikh wangu, Azhari hawakumtetea Abdulmajid. Machi hiyo hiyo ya 1924 wanazuoni wakubwa wa Misri walitoa tamko kwamba baia yake haikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa sababu alichaguliwa akiwa hana mamlaka. Kwa hiyo Waislamu hawana deni la baia kwake, na uitishwe mkutano Kairo kumtafuta mwingine. Mkutano ulipangwa Machi 1925, ukaahirishwa mpaka Mei 1926.

Kilichoharibu ni kwamba kila aliyetajwa alikuwa na kiti chake cha kifalme nyuma. Sharifu Hussein wa Makka alijitangaza khalifa Machi ile ile, akiwa kwa mwanawe ng'ambo ya Yordani. Kufika Oktoba majeshi ya Ibn Saud yalikuwa yameingia Makka na yeye amejiuzulu ufalme. Mfalme Fuad wa Misri hakujitangaza, lakini kila mtu Kairo alijua ikulu inataka nini. Basi fikirini hali ya Ali Abdurraziq, kadhi wa mahakama ya sharia kule Mansura, anapotoa kitabu 1925 kusema kwamba ukhalifa hauna msingi katika Kurani wala Sunna, na kwamba Mtume alitumwa kwa ujumbe, si kwa ufalme. Agosti baraza la wanazuoni wakubwa wa Azhari likamwita, likamfuta kwenye safu ya wanazuoni, na ukadhi ukaondoka. Waziri wa Sheria aliyesita kutekeleza hukumu akaachishwa kazi, na serikali ya mseto ikavunjika.

Mkutano wenyewe ulipokaa, Uturuki haikuja. Wengi waliokuja hawakutumwa na dola yoyote. Kamati ikarudi na majibu mawili yaliyogongana: ukhalifa ni wajibu na unawezekana, lakini masharti yake hayawezi kutimia kwa wakati ule. Wakatawanyika bila jina.

Sheikh Yunus, Mombasa

Basi soma vizuri hilo neno la kwanza la kamati. Ni wajibu. Walishindwa kutimiza, hawakusema umeondoka. Mgonjwa akishindwa kusimama kwenye sala, sala haijafutwa. Ali Abdurraziq alichukua kushindwa kwa watu akakufanya dalili ya dini. Hapo simfuati, na Azhari walikuwa na haki kumkataa, ingawa kumnyang'anya mtu riziki yake ni jambo jingine.

Mzaliwa wa Pemba, Maskati

Masheikh zangu, mnazungumza kama kwamba baada ya 1924 hapakuwa na Waislamu wenye kiongozi waliyemchagua. Wazee wetu wa Kiibadhi hawakumjua khalifa wa Istambul hata siku moja. Huku Oman, 1913 maulamaa na masheikh wa makabila walimpa baia Imamu Salim bin Rashid Al Kharusi. Alipouawa 1920 wakakaa wakamchagua Muhammad bin Abdullah Al Khalili, akakaa Nizwa mpaka alipofariki 1954. Mwaka Kairo walipoondoka bila jina, Nizwa ilikuwa na imamu mwaka wa sita. Hakurithi kwa baba yake. Walioulizwa ni watu wa elimu na watu wa makabila, jambo likaisha.

Sheikh Yunus, Mombasa

Namheshimu Imamu Al Khalili, habari zake ni njema. Lakini huyo ni imamu wa bara la Oman, si wa umma. Hata Maskati ilikuwa kwa sultani.

Mzaliwa wa Pemba, Maskati

Ndiyo, Sheikh, mkataba wa Sib wa 1920 uliwagawa, pwani kwa sultani, bara kwa watu wa imamu. Sikusema alikuwa wa dunia nzima. Nasema kwamba uchaguzi ulifanyika, katika nchi masikini, bila mkutano wa kimataifa, kwa sababu waliochagua ndio hao hao waliokuwa na bunduki za kumlinda waliyemchagua. Kairo walikuwa na elimu yote ya Azhari, lakini waliokaa pale hawakuwa na hata askari mmoja. Na Nizwa nako kulipita. Al Khalili alipofariki akachaguliwa Ghalib bin Ali, na Desemba 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur, yakiwa na maafisa wa Kiingereza na hamu ya mafuta ya bara nyuma yao, yaliingia mjini. Baia ilikuwa sahihi kwa masharti yote. Sasa nakuuliza wewe Sheikh, baada ya siku ile, wajibu ule wa kumweka kiongozi ulibaki kwa nani?