Duka la mkate Ntinda: mkataba wa miaka 3, wa mwaka mmoja, au tubadili viwango vya hesabu?

Kijana wa Ntinda
Habari zenu wakubwa. Naweka vitabu vya kampuni ndogo ya mikate hapa Kampala. Tunafungua tawi Ntinda, na mwenye jengo ametupa karatasi mbili tuchague. Ya kwanza ni miaka 3, shilingi milioni 48 kwa mwaka, zinalipwa kila tarehe 1 Julai kabla mwaka haujaanza. Ya pili ni mwaka mmoja, bei ileile, na sisi tuna haki ya kuongeza mwaka mmoja mara mbili.

Mpaka sasa pango tulikuwa tunaliandika kama matumizi basi. Mwaka huu mkaguzi ametuambia tunafuata IFRS 16, kiwango cha hesabu za mikataba ya kukodi, kwa hiyo mkataba wa miaka 3 utaingia kwenye mizania, mali upande huu na deni upande ule. Tatizo langu ni benki. Mkopo wetu ni milioni 150, mtaji milioni 120, na barua ya mkopo inasema madeni yasizidi mara moja na nusu ya mtaji. Hesabu zetu zinafungwa tarehe 30 Juni. Nichague ipi? Au tuhamie viwango vya IFRS vya kampuni ndogo na za kati?

Pesa Mkononi
Kaka, usijisumbue. Chukua wa mwaka mmoja. Mkataba usiozidi miezi 12 una msamaha wake, unaandika pango kama matumizi na mizania inabaki safi. Sisi tumefanya hivyo kwenye ghala letu na hakuna aliyeuliza.

Mama Mizania
Pesa Mkononi, msamaha upo kweli, lakini hauangalii tarehe iliyoandikwa peke yake. Kijana kasema wana haki ya kuongeza. Kiwango kinauliza: je, ni karibu uhakika kwamba mpangaji ataitumia haki hiyo? Kijana, hebu tuambie, mnafunga nini ndani ya duka hilo?

Kijana wa Ntinda
Oveni ya matofali, inajengwa palepale. Pamoja na dohani, vigae na umeme wa nguvu ni kama milioni 60. Tukihama, oveni haihamishiki, inabomolewa.

Mama Mizania
Basi mwanangu umejijibu. Hakuna mtu anayejenga oveni ya milioni 60 ili aitumie miezi 12. Vifaa mlivyojenga, na hasara ya kuviacha, vinahesabika katika kupima kama mtaongeza. Muda wa mkataba kwa hesabu ni miaka 3 kwenye karatasi zote mbili. Mkaguzi mwenye macho ataona uchakavu wa oveni mmeugawa miaka mitatu au mitano, halafu atawauliza kwa nini jengo lenyewe mnalihesabu mwaka mmoja.

Sasa tuone hesabu, maana ndiyo inayouma. Riba gani mnakopeshwa?

Kijana wa Ntinda
Kwa mkopo wa miaka mitatu wenye dhamana, benki ilitupa asilimia 16.

Mama Mizania
Tuitumie. Siku ya kwanza mnalipa milioni 48, hiyo si deni tena, inaingia moja kwa moja kwenye mali. Zimebaki 48 mbili, ya mwaka kesho na ya mwaka kesho kutwa, na hizo tunazirudisha kwenye thamani ya leo kwa hiyo asilimia 16.

```
48 / 1.16         = 41.38
48 / (1.16*1.16)  = 35.67
deni siku ya 1    = 77.05
mali = 48 + 77.05 = 125.05
```

Mali hiyo mnaichakaza milioni 41.68 kila mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni asilimia 16 ya 77.05, yaani 12.33. Kwa hiyo faida inabeba milioni 54.01, wakati fedha iliyotoka ni 48. Mwaka wa pili inabeba 48.30, wa tatu 41.68. Jumla, ukiacha desimali tulizokata, ni 144 ileile mliyolipa. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo ni mzito na mwisho ni mwepesi.

Lakini angalia tarehe yako ya kufunga vitabu. Tarehe 30 Juni riba imeshapanda juu ya deni, na malipo ya pili ni kesho yake. Mizania itaonyesha deni la milioni 89.38, si 77. Ukijumlisha na mkopo wa 150, kama bado hamjaulipa sehemu, ni 239.38 juu ya mtaji wa 120. Hiyo ni karibu mara mbili. Na kati ya hizo, milioni 48 zitakaa kwenye madeni ya muda mfupi, maana zinalipwa kesho.

Kijana wa Ntinda
Nimekaa chini kwanza. Yaani siku moja inanifanya nivunje sharti la benki?

Mama Mizania
Siku moja haikutoshi kukuokoa. Hata mkilipa tarehe 29 Juni, deni linabaki karibu milioni 41, na 191 juu ya 120 bado ni zaidi ya moja na nusu. Kwa hiyo usicheze na tarehe, nenda kwenye neno "madeni" ndani ya barua ya benki.

Tipa la Mbarara
Mimi nina tipa mbili nakodisha kwa mkandarasi, mkataba miaka 2. Je, na mimi niandike deni?

Fundi wa Vitabu
Ndugu, wewe ndiye unayekodisha. Deni linaandikwa na anayekodi. Kwa upande wako mambo karibu hayakubadilika: kama tipa zitarudi kwako zikiwa bado na maisha, zinabaki kwenye vitabu vyako, unazichakaza na unaandika mapato ya kukodisha.

Kijana, kuhusu viwango vya kampuni ndogo na za kati: humo pango la jengo kama lako halipandi kwenye mizania, na hata toleo jipya la 2025, litakaloanza kutumika 2027, halikuingiza IFRS 16. Mkaguzi wako angekubali, maana kampuni yenu haiuzi hisa kwa umma wala haitunzi fedha za watu. Lakini soma barua ya mkopo. Benki ilitaka hesabu za aina gani?

Kijana wa Ntinda
Nimeifungua sasa hivi. Inasema hesabu zilizokaguliwa "kwa IFRS kamili". Na "madeni" maana yake ni "madeni yote yenye riba yanayoonekana kwenye mizania".

Fundi wa Vitabu
Basi mlango huo umefungwa mpaka benki iufungue. Na maneno hayo, naona, yanalibeba deni la pango, maana lina riba.

Mama Mizania
Naafiki. Andika barua kabla ya kusaini na mwenye jengo, uwaonyeshe hesabu hii hii, uombe deni la pango litolewe kwenye kipimo. Wakikubali, wataandika nyongeza ya mkataba. Ukisubiri 30 Juni ipite, utakuwa unaomba msamaha wa kosa.

Pesa Mkononi
Mama, na kama mwenye jengo akiifuta ile haki ya kuongeza? Mwaka mmoja, halafu tunazungumza upya.

Mama Mizania
Hapo pana ubishi wa kweli. Mwenye jengo anaweza kumwambia ahame, kwa hiyo wengine tunasema muda unaishia miezi 12. Wengine wanaangalia hasara ya oveni na kusema haitoshi kusoma karatasi. Mimi naelekea upande wa kwanza, ila Kijana angejenga oveni ya milioni 60 kwenye jengo analoweza kufukuzwa mwakani?

Kijana wa Ntinda
Bosi hawezi kukubali hilo. Nasaini miaka 3 benki ikinijibu. Barua naipeleka Jumatatu, na karatasi ya hesabu ya Mama Mizania nimeiambatisha.