Naombeni ushauri: chakula cha siku tatu, Lushoto hadi Mtae kwa miguu

Kijana wa Ngamiani:
Habari za jioni ndugu zangu. Wiki ijayo tunatembea watu wawili kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu. Nimeshanunua mchele kilo 3, maharage makavu kilo 2, maharage ya kopo sita, viazi kilo 3, sukari kilo 1, mafuta lita moja na mikate miwili. Nimepima kwenye mizani ya mangi, imekuja kilo 13.7 bila maji. Nimejaribu kulibeba begi kupanda ngazi za nyumbani, mikanda ikaniacha alama mabegani. Nipunguze nini bila kukosa nguvu njiani?

Mama Zuhura:
Mwanangu, chukua mkate wa boflo na chai ya rangi. Sisi tulikuwa tunakwenda shule kilomita nane na muhogo mmoja mfukoni.

Mpagazi Mstaafu:
Nimewabebea watu mizigo njia hiyo miaka mingi. Mtu mmoja kwa siku anatosheka na gramu 750 za chakula kikavu. Kikavu kwa wastani kina kama kalori 4 kwa gramu, kwa hiyo anapata 3,000 hivi. Wawili kwa siku tatu ni kilo 4.5, basi.

Kinachokuumiza ni maji uliyoyafunga ndani ya chakula. Hayo makopo sita ni karibu kilo 2.8 na yana kalori 2,000 na kitu. Karanga za kukaanga gramu 400 zinakupa hizohizo. Viazi usibebe kabisa, Lukozi utavikuta sokoni. Maharage makavu nayo yatakula kuni na saa mbili zako wakati umechoka.

Beba sembe kilo 1, mchele robo tatu, karanga gramu 700, tende nusu kilo, dagaa robo, mafuta robo lita, sukari gramu 300, na chapati nusu kilo za kula siku ya kwanza. Ni kilo 4.2, ukiongeza vitunguu, chumvi na majani ya chai unafika hapohapo kwenye 4.5. Lakini mbona unabeba peke yako? Mwenzako ni nani?

Kijana wa Ngamiani:
Ni ndugu tu. Makopo nimeshayanunua lakini, na mangi harudishi. Na ukila maharage unakaa na shibe.

Mpagazi Mstaafu:
Ndugu gani? Ana umri gani? Mgonjwa?

Kijana wa Ngamiani:
Ni shangazi yangu, ana miaka 58. Anataka kupita njia aliyokuwa akipita na babu. Ana kisukari, anachoma sindano. Ndiyo maana nikachagua maharage, hayapandishi sukari haraka. Nilijua nikisema mtaniambia nisimpeleke.

Dokta wa Mtaa:
Hapo ni rahisi, mtoe wanga wote. Karanga na dagaa tu, sukari haitapanda.

Mpagazi Mstaafu:
Dokta, karanga kwenye uzito ziko sawa, ila kumtoa wanga huyu mama hapana. Anayechoma sindano akipanda mlima kutwa, sukari *inashuka*. Niliwahi kuona mteja akianza kutoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, akawa anajibu mambo yasiyohusiana. Karanga zina mafuta, zinachelewa. Alihitaji vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, tukasubiri dakika kumi na tano, tukampima tena.

Kwa hiyo glukosi ikae mfukoni mwake yeye, siyo kwenye begi lako uliyetangulia mbele. Ale kidogo kila baada ya saa moja na nusu hivi, chapati au tende. Kipimo na dawa visipigwe jua. Na kabla ya yote amuulize daktari wake dozi ya siku za kutembea, maana hiyo hapangiwi na mimi wala wewe.

Pwani Yetu:
Subirini. Mwezi wa tatu huyu si ndiye aliyeomba mchango wa msiba wa shangazi? Leo shangazi anapanda mlima?

Mama Zuhura:
Hee! Kumbe nimempa ushauri marehemu?

Kijana wa Ngamiani:
Yule alikuwa shangazi mkubwa, Mungu amrehemu. Huyu ni mdogo wao. Baba ana dada watatu. Njia hiyo walikuwa wakipita wote na babu, ndiyo sababu anataka kwenda sasa.

Pwani Yetu:
Ungesema mapema. Bado nina shaka, ila pole.

Mpagazi Mstaafu:
Awe wa kweli au wa kutunga, glukosi ni ileile. Mlale Rangwi siku ya pili. Na hayo makopo?

Kijana wa Ngamiani:
Nimeyatoa matano, moja nimebakiza. Begi sasa ni kilo 5.1. Kliniki tunakwenda kesho asubuhi; shangazi anasema hata daktari akikataa yeye anakwenda.

Mpagazi Mstaafu:
Akikataa, panda naye gari hadi Lukozi, mtembee siku moja tu kutoka hapo. Niambie atakavyosema.