Vitufe vya muziki kwenye kibodi vimenidhalilisha ukumbini. Hii akili ni ya nani?

SautiYaKiboriloni:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe hapa Moshi: sendofu, kipaimara, harusi. Laptopu ni ya Windows 10, nyimbo zote nazipigia VLC. Jumamosi kwenye sendofu mashoga wa bibi harusi wakaja mezani wakitaka nifungue video ya mtandaoni wakumbuke hatua za kucheza. Nikafungua kwenye kivinjari, wakatazama kidogo, nikaisimamisha. Nikarudi VLC, nikaweka picha za familia ukutani kwa projekta, sherehe ikaendelea.

Wazazi wakaingia na wimbo wao. Walipofika meza kuu mshereheshaji akanipa ishara nikate, baba anataka kusali. Nikabonyeza kile kitufe cha kusimamisha, kile chenye pembetatu na vijiti viwili. Wimbo haukukatika! Badala yake ile video ikaamka kwenye kivinjari ikaanza kuunguruma juu ya wimbo. Baba wa watu kafumba macho, maiki iko mdomoni, spika zinatoa nyimbo mbili kwa mpigo. Nabonyeza tena, video inanyamaza, wimbo unaendelea. Nabonyeza tena, video hiyooo. Ikabidi nishushe sauti kwenye mikisa.

Sasa nauliza: programu inayotoa sauti ni moja, iliyonyamaza ni nyingine. Kompyuta inakwendaje kumwamsha aliyelala na kumwacha anayepiga kelele? Na msiniambie nitumie mausi, picha zilikuwa zimejaa kioo kizima na wageni wote wanatazama ukutani.

Mangi_wa_Majengo:
Pole sana dijei. Hiyo ni Fn. Laptopu nyingi kitufe kimoja kina kazi mbili, ukisahau kushika Fn unapata F5 badala ya kusimamisha. Yangu ilinisumbua hivyohivyo kwenye kuongeza mwanga.

SautiYaKiboriloni:
Mangi, ingekuwa Fn hiyo video isingeitika. Kitufe kinafanya kazi vizuri tu, kinamtii mtu asiye wangu.

kaka_wa_Sakina:
Kanuni ni rahisi, mkuu. Windows inampa kitufe yule aliyecheza mwisho. Ulicheza video, ndiyo maana video ikaitika. Siku nyingine ukishatumia kivinjari, anzisha wimbo upya kwenye VLC, kitufe kitarudi huko.

SautiYaKiboriloni:
Soma tena nilichoandika. Video niliisimamisha, KISHA nikapiga nyimbo kibao kwenye VLC. Aliyecheza mwisho ni VLC. Hiyo kanuni yako imekufa palepale.

fundi_Njoro:
Kaka wa Sakina hajakosea sana, ila amesahau jambo moja. Kabla sijasema, mzee wa sauti, hebu nifanyie hivi hapo nyumbani. Rudisha hali ileile: video imesimamishwa kwenye kivinjari, wimbo unapiga VLC. Halafu bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na utazame kile kisanduku cheusi kinachotokea juu kushoto. Kinaandika jina la nini?

SautiYaKiboriloni:
Nimefanya. Kuna jina la ile video, na vitufe vyake vya kurudi nyuma, kucheza na kwenda mbele. Wimbo unaopiga haujatajwa popote. VLC ni kama haipo duniani.

fundi_Njoro:
Basi jibu umelisoma mwenyewe. Windows ina daftari la wapiga muziki. Programu ikianza kucheza inatakiwa ijiandikishe humo: mimi nipo, napiga kitu fulani, kitufe kikibonyezwa niiteni. Kanuni ya aliyecheza mwisho inafanya kazi kati ya waliojiandikisha tu. Chrome inajiandikisha, na kusimamisha video hakuifuti, kwa sababu inaamini utarudi kuendelea. VLC ya toleo la 3, ile ya kawaida ya Windows, haijiandikishi kabisa. Kwa hiyo hata ungepiga nyimbo usiku kucha, kwenye daftari kuna jina moja tu, na ndiyo linaloitwa.

Dawa ya haraka ukumbini ni kufunga kile kichupo. Kusimamisha hakutoshi, funga. Kichupo kikifungwa jina linafutika. Hakikisha kwa kitufe cha sauti: kisanduku kikibaki na sauti peke yake bila jina la video, uko salama upande huo.

Dawa ya kudumu ni kuikataza Chrome isiguse vitufe. Andika hii pale juu pa anwani:

```
chrome://flags/#hardware-media-key-handling
```

Weka Disabled, kisha bonyeza Relaunch. Firefox nayo ina yake, kwenye about:config tafuta `media.hardwaremediakeys.enabled` uiweke false.

Halafu kwenye VLC ingia Tools, Preferences, Hotkeys. Tafuta mstari wa Play/Pause. Utaona safu inaitwa Global, bonyeza mara mbili hapo uipe mchanganyiko wako, mfano Ctrl+Alt+P. Safu ya Hotkey ya kawaida inafanya kazi VLC ikiwa mbele tu. Ya Global inafanya kazi hata picha zikiwa zimejaa kioo. Chagua mchanganyiko ambao hakuna programu nyingine inautumia, maana aliyewahi ndiye anaushika, wa pili hapati kitu. Ukishaweka, funga VLC uifungue tena.

mama_Njiro:
Mimi nipo Arusha, nasoma masomo ya jioni kwa video. Nimefuata hayo ya Chrome, sasa kitufe cha hedifoni zangu za bluetooth hakisimamishi tena somo. Nimeharibu nini?

fundi_Njoro:
Hujaharibu kitu mama. Kitufe cha hedifoni kinapita njia ileile ya kibodi. Ukiikataza Chrome unaikataza kwa vyote viwili. Wewe rudisha Default, dawa hii ni ya dijei.

kaka_wa_Sakina:
Kwenye Ubuntu haya yote hayapo. Ukishasakinisha playerctl, unafunga kitufe na amri moja, hata kivinjari kiwe na vichupo mia:

```
playerctl --player=vlc play-pause
```

Unamtaja unayemtaka kwa jina. Ukitaka kujua waliopo ni `playerctl -l`.

SautiYaKiboriloni:
Sakina, mikisa yangu na programu ya projekta nimezizoea Windows, sihami kwa sababu ya kitufe kimoja.

Fundi, nimejaribu. Ctrl+Alt+P inakata wimbo picha zikiwa kioo kizima, video ikiwa imesimamishwa pembeni haishtuki. Asante sana. Lakini hasira yangu iko palepale. Kwa nini Windows haina mahali nikaandika tu "kitufe hiki ni cha VLC" yakaisha? Na huo mchanganyiko unataka vidole vitatu gizani, wakati kitufe chenye pembetatu kipo hapo kimekaa bure.

fundi_Njoro:
Hicho chenye pembetatu unaweza kujaribu kukiweka kwenye Global pia, sasa kwa kuwa Chrome imeachia. Ila siku ukifungua programu nyingine ya muziki inayojiandikisha, ugomvi unarudi. Na hayo mambo ya flags ni ya majaribio, kivinjari kikijisasisha yanaweza kuondolewa bila kukuuliza. Kabla ya kila sherehe fanya lile jaribio la kitufe cha sauti.

Mangi_wa_Majengo:
Kwa hiyo ule mwanga wangu hakuna anayejua?